Swali Moja, Video Moja: Majibu ya Mita ya Umeme Yanapohamia Kwenye Simu

Karibu kila shirika lenye wateja wengi lina orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, imebandikwa ukutani ofisini, imechapwa kwenye kijikaratasi au imewekwa mtandaoni. Na karibu kila shirika lenye orodha hiyo bado hupokea maswali yaleyale kwa simu kutwa nzima. Majibu huwa ni sahihi. Kinachokosekana ni kwamba yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi na kusoma kwa utulivu, ilhali mwenye swali amesimama kibarazani, giza limeingia, mkono mmoja umeshika simu na mwingine uko kwenye vitufe vya mita. Huyo anahitaji kuambiwa neno kwa neno afanye nini sasa hivi, na video ya chini ya dakika moja inaweza kumfanyia kazi hiyo vizuri.

Nitaieleza kazi hii kwa kutumia mfano ambao wasomaji wengi wa Tanzania wanaujua kwa vidole vyao, yaani LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, mfumo wa malipo ya kabla wa TANESCO. Skripti zilizomo humu ni za kwangu, za mfano. Ila maswali ni ya kweli, na utaratibu wenyewe unafaa hata kwa mamlaka ya maji, kampuni ya mabasi au chama cha akiba na mikopo.

Hatua ya kwanza haihusu kuandika hata kidogo. Keti na watu wanaopokea simu za wateja, uwaulize swali linaingia kwa maneno gani. Orodha ya ofisini itasema “Utaratibu wa uingizaji wa tokeni baada ya maboresho ya mita.” Mpokea simu atakuambia wateja wanasema, “Dada, nimenunua umeme, zimekuja namba nyingi, niingize ipi?” Swali la pili ndilo litakaloingia kwenye video, jinsi lilivyotamkwa, kwa sababu mteja husimama kutazama pale anaposikia shida yake ikisemwa kwa maneno yake mwenyewe. Andika maswali hayo kwenye daftari bila kuyasahihisha, na pembeni weka alama kila yanapojirudia. Baada ya wiki moja utaona kwamba maswali machache yamebeba simu nyingi, na hayo ndiyo mwanzo wa mfululizo wako.

Swali la namba nyingi lina historia inayoeleza kwa nini liliwasumbua watu kiasi kile mwaka 2024. Mita za malipo ya kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS hutambua tokeni kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa na ukomo, na dakika zake zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishiwa ufunguo wake wa ndani kabla ya hapo ingeanza kukataa tokeni mpya. Kwa hiyo mteja aliponunua umeme kipindi cha mabadiliko alipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiweka mita sawa, na la tatu ndilo lililokuwa na uniti alizolipia.

Hebu tuone jibu la maandishi lingekuwaje. Hili nimeliandika kwa mtindo tunaoufahamu sote:

“Mteja anayenunua umeme kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa zoezi la maboresho ya mita atapokea tokeni tatu zenye tarakimu 20 kila moja, ambapo tokeni mbili za mwanzo ni kwa ajili ya kuboresha mfumo wa mita na tokeni ya tatu ni ya uniti alizonunua. Mteja anatakiwa kuingiza tokeni hizo kwa kufuata mpangilio. Endapo atapata changamoto, awasiliane na ofisi iliyo karibu naye.”

Hakuna uongo hapo. Lakini jaribu kulisoma kwa sauti mbele ya mtu aliyesimama kwenye mita. Ataanza kubonyeza pale utakapofika kwenye “kufuata mpangilio”, na wakati huo ameshasahau ipi ni ya nini. Jibu linamwita “mteja”, kana kwamba linamzungumzia mtu mwingine ambaye hayupo pale. Tendo lenyewe limewekwa mwishoni, baada ya maelezo. Na kitu kinachomtisha zaidi, yaani kwamba ameingiza namba ya tatu kwanza, mita imekataa na anadhani fedha yake imepotea, hakimo kabisa.

Kabla ya kuligeuza jibu hilo, tuandike maneno ya kufungulia na ya kufungia, kwa sababu ndiyo yatakayojirudia katika kila video na ndiyo yatakayokula muda katika kila video. Usomaji wa Kiswahili ulio wazi na usio na haraka hutoa maneno yapatayo 120 kwa dakika. Video ya sekunde 50 ina nafasi ya maneno 100 hivi, na mita inahitaji sekunde kadhaa za kimya ili mtu abonyeze. Ukitumia maneno 40 kusalimu na kutambulisha kampuni, umebakiza maneno 60 tu kwa kazi uliyoitiwa, na hata hivyo mtazamaji ameshaondoka.

Najua salamu kwetu ni adabu, na watu wa mawasiliano hupata taabu kuiacha. Lakini video ya aina hii haimtembelei mtu nyumbani. Yeye ndiye aliyeifuata akiwa na shida, na huenda akatazama nne mfululizo. “Habari za asubuhi, karibu tena katika kipindi chetu” itamkuta saa nne usiku, kisha itamkuta tena baada ya dakika moja. Ninapendekeza swali litangulie, jina la mfululizo lifuate, jibu lianze. Hivi:

“[Swali la mteja.] Hili ni Swali la LUKU. Sikiliza jibu lake.”

Maneno manane hayabadiliki, na nafasi ya mabano hubeba swali lolote. Lijaribu kwa maswali yako yote kabla ya kulikubali. Kiolezo kama “Leo tutakufundisha jinsi ya…” kinaonekana kizuri mpaka ukutane na swali “Kwa nini uniti zangu zimepungua?”, ambalo halikubali “jinsi ya” kwa namna yoyote, na hapo mwandishi huanza kulipinda swali ili lienee kwenye kiolezo. Swali likipindwa, mteja halitambui tena kuwa ni lake. Neno “leo” nalo halina faida, kwa kuwa video itaishi miezi mingi na kila mtu ataiona siku yake.

Maneno ya kufungia yana kazi tofauti kabisa. Yanamhudumia yule ambaye jibu halikumtosha, hivyo yamwambie aende wapi na ashike nini:

“Bado umekwama? Piga namba iliyo kwenye skrini, ukiwa na namba ya mita na [kitu kingine kinachohitajika].”

Angalia kwamba namba ya simu haisomwi. Imeandikwa kwenye picha. Siku namba ya huduma kwa wateja ikibadilika, fundi atabadilisha maandishi ya chini katika video zote bila kumrudisha msomaji studio. Hilo lina hasara, kwani asiyeona vizuri hataipata namba, na kwa sababu hiyo mashirika yenye namba fupi iliyozoeleka miaka mingi yanaweza kuisoma bila wasiwasi. Kwa wengine naona faida inazidi. Sehemu ya mabano mwishoni nayo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Mpokea simu yeyote atakuambia kwamba muda mwingi wa simu hupotea mteja akienda kutafuta namba ya mita au ujumbe wa manunuzi. Mteja anayepiga akiwa navyo mkononi amefupisha foleni ya watu wote walio nyuma yake.

Sasa skripti nzima. Waandishi wa video huiandika kwa safu mbili, picha upande mmoja na sauti upande mwingine. Hapa nitaanza na sauti peke yake.

“Nimenunua umeme, zimekuja tokeni tatu. Niingize ipi? Hili ni Swali la LUKU. Sikiliza jibu lake.

Ingiza zote tatu, kwa mpangilio ulioletwa. Ingiza ya kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri mita ijibu. Ingiza ya pili, bonyeza, subiri tena. Hizo mbili zinaiweka mita sawa. Hazina umeme ndani yake. Sasa ingiza ya tatu. Hiyo ndiyo yenye uniti zako. Ukianza na ya tatu, mita itaikataa, lakini haijapotea: rudi kwenye ya kwanza, ufuate mpangilio. Ukishamaliza, mara nyingine utapokea tokeni moja kama zamani.

Bado umekwama? Piga namba iliyo kwenye skrini, ukiwa na namba ya mita na ujumbe wa tokeni.”

Ni maneno 93, yaani sekunde 47 hivi bila kuhesabu vituo. Sentensi ya kwanza baada ya ufunguzi ndiyo jibu lote: zote tatu, kwa mpangilio. Mtu akifunga video hapo, ameshapata cha kumsaidia. Maelezo ya kwa nini yamekuja baada ya tendo, na yamepewa maneno tisa tu. Habari za mwaka 1993 na hesabu ya dakika, ambazo mimi binafsi nazipenda sana, hazimo, kwa sababu haziongezi hata kitufe kimoja kwenye vidole vya mtazamaji. Zina mahali pake katika makala kama hii.

Sentensi ya “haijapotea” ilihitaji uhakika kabla ya kuandikwa. Mita hukataa tokeni ya tatu kwa kuwa imefungwa kwa ufunguo mpya ambao mita bado haijapewa. Kwa kuwa haikuipokea, haikuitia alama kuwa imetumika, hivyo itaikubali baadaye. Jambo la namna hii mwandishi asilikisie. Kila skripti ipite kwa fundi wa mita kabla ya kurekodiwa, naye aulizwe swali moja tu: mtu akifuata maneno haya bila kuongeza lake, atafika?

Upande wa picha ndiko kwenye mitego. Mita hazifanani. Kitufe cha kukubali kwenye baadhi yake kina mshale uliokunjwa, kwenye nyingine kina alama au rangi nyingine. Ukisema kwa sauti “bonyeza mshale wa bluu”, umewafungia nje wenye mita za aina nyingine, ambao wataamini video si yao. Sauti itaje kazi ya kitufe, na picha ionyeshe sura zake mbili au tatu kwa wakati huohuo. Mtego wa pili ni tokeni inayoonyeshwa kwenye skrini. Ukiweka tarakimu 20 za mfano, watapatikana watu watakaozinakili na kuziingiza, kisha wapige simu kulalamika kwamba tokeni ya kwenye video haifanyi kazi. Weka nukta badala ya tarakimu, katika makundi matano ya nne nne, kwa kuwa ndivyo mtu anavyozisoma bila kupotea.

Tarakimu zina hila hata kwenye sauti. Ukihesabu maneno kwenye kompyuta, “1,500” ni neno moja. Ukiisoma, “elfu moja na mia tano” ni maneno matano. Skripti yenye fedha na tarehe tatu nne itapitiliza muda uliopangwa, na msomaji ataanza kukimbia ili awahi. Andika kila namba kwa maneno ndani ya safu ya sauti kabla ya kuhesabu urefu.

Na hapo tunafika kwenye swali la pili kwa ugumu: “Kwa nini safari hii nimepata uniti chache?” Orodha ya maandishi huweka sababu zote pamoja, na msomaji anachagua yake. Kodi ya majengo, kwa mfano, ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kufikia 1,500 mwaka 2023, na aliyekaa miezi kadhaa bila kununua umeme hukuta imelimbikizwa. Mwingine ana deni lililounganishwa na mita yake. Mwingine amehama kundi la bei kwa sababu ya matumizi. Ukiyamwaga yote ndani ya sekunde 50, mtazamaji atatoka na wasiwasi na asijue la kwake ni lipi.

Njia nzuri ni kuifanya video hiyo ijibu swali dogo zaidi: nitazame wapi nijue? Mwambie afungue ujumbe wa manunuzi, atafute mstari wa makato, alinganishe na ujumbe wa mwezi uliopita. Kisha kila sababu ipate video yake fupi, ikiwa na ufunguzi na ufungaji uleule. Kiasi cha kodi kisitajwe kwa sauti. Msomaji aseme “kodi ya jengo ya mwezi huo”, na kiasi kiandikwe kwenye picha, mahali kinapoweza kubadilishwa. Aliyerekodi “shilingi elfu moja” mwaka 2021 angelazimika kurekodi upya miaka miwili baadaye.

Kuna maswali ambayo hayapaswi kuingia katika mfululizo huu. Linalojibiwa kwa mstari mmoja, kama saa za kufungua ofisi, liachwe kwenye maandishi. Linalohitaji mtu afunguliwe faili lake, kama deni analolibishia, linahitaji mpokea simu. Na liko moja ambalo lazima liwe na video lakini liwekwe nje ya kiolezo kabisa: waya wa umeme umeanguka, nifanye nini? Hapo neno la kwanza liwe “Usisogee.” Lifuatwe na “Usiuguse, zuia watoto na wapita njia, piga simu sasa,” na namba isomwe mara mbili kwa sauti. Kuianza video hiyo kwa jina la mfululizo, ati kwa sababu kila video inaanza hivyo, ni kuthamini mpangilio kuliko uhai wa mtu.

Kabla ya kurekodi, fanya jaribio ambalo halihitaji kamera. Tafuta mtu asiyeifahamu orodha yenu, msimamishe mbele ya mita, umsomee skripti kwa mwendo uliokusudiwa huku yeye akitenda. Usimsaidie. Anapogeuka kukuuliza “Hapo nibonyeze wapi?” ndipo skripti ilipotoboka. Ikiwa anamaliza kubonyeza na wewe umeshapita sentensi mbili mbele, hukuacha kituo cha kutosha. Jaribio hili hufichua makosa ambayo mkutano mzima wa ofisini hautayaona, kwa kuwa mkutanoni kila mmoja anajua jibu.

Jambo la mwisho la studio. Wengi hurekodi ufunguzi na ufungaji mara moja, kisha huubandika kwenye kila video. Sauti ya siku ile na sauti ya siku nyingine hazifanani, na sikio husikia kiungo hata kama mtazamaji hawezi kusema kuna nini. Ni vyema msomaji azirekodi skripti zote kwa mkupuo mmoja, kipaza sauti kikiwa umbali uleule, akisoma maneno ya kudumu upya kila mara kutoka kwenye kadi ileile iliyo mbele yake. Kadi ni muhimu. Bila kadi, kufikia video ya tano “Bado umekwama?” imeshageuka “Kama bado una changamoto yoyote”, na anayewatazama mfululizo anaanza kujiuliza kama bado yuko mahali palepale. Aache pia nusu sekunde ya kimya kabla na baada ya jibu, ili siku jibu likibadilika likatwe na kuwekwa jipya bila kugusa kingo.

Kila skripti iandikwe juu tarehe ya kuangaliwa tena na jina la atakayeiangalia. Video ya tokeni tatu ilihitaji tarehe hiyo kuliko zote, kwani baada ya Novemba 2024 mtu anayepokea tokeni moja tu angeitazama na kudhani amepunjwa mbili. Kama orodha ya maswali ya ofisi yenu iko chini ya uangalizi wako, anza na swali moja, lile ambalo wapokea simu wanaweza kulimalizia kabla mteja hajafika katikati. Liandike kwa maneno ya mteja, lisome mbele ya mita, kisha nenda kwenye la pili.